Kuiba dawa ili mgonjwa wako asife: tuiangalie na ile elfu moja iliyobaki mfukoni

Hiki kisa wengi mmeshakisikia hata kama hamjui kilianzia wapi. Mwanamke anaumwa kansa, yuko mahututi, kuna dawa moja tu ambayo madaktari wanadhani inaweza kumwokoa. Aliyeigundua ni mfamasia na yuko mji huohuo. Kuitengeneza inamgharimu dola 200, yeye dozi ndogo anaiuza dola 2,000. Mume wa mgonjwa anaitwa Heinz, kazunguka kwa kila anayemjua kukopa, kaambulia kama 1,000 hivi, yaani nusu ya bei. Akamfuata mfamasia akamweleza hali ya mke wake, akamwomba ampunguzie au amwache amalizie deni baadaye. Mfamasia akakataa, akasema dawa kaigundua yeye na anataka apate hela kupitia hiyo dawa. Heinz akavunja duka akaichukua. Swali: alifanya sawa au hakufanya sawa?

Aliyekipa umaarufu ni Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Kimarekani, ambaye kwenye utafiti wake wa shahada ya udaktari wa mwaka 1958 aliwahoji wavulana 72 wa miaka 10, 13 na 16 kwa visa vya aina hii. Na watu huwa wanasahau kwamba Kohlberg mwenyewe ndiyo au hapana ya mtoto haikumsumbua, alichokuwa anakitaka ni sababu. Mtoto anayesema asiibe kwa sababu atafungwa, na mwingine anayesema asiibe kwa sababu sheria inamlinda kila mtu akiwemo Heinz mwenyewe, jibu lao ni moja lakini kichwani hawako sehemu moja. Zile ngazi zake sita za kukua kimaadili naziacha, hayo ni mambo ya saikolojia. Mimi nataka tukae na kisa chenyewe na tuone nadharia za maadili zinakifanyia nini.

Sasa ukifuatilia mabishano ya kisa hiki utakuta kambi mbili, moja inasema uhai kwanza, nyingine inasema wizi ni wizi, halafu wanarushiana maneno mpaka wachoke. Kuna kitu kipo palepale kwenye maelezo na hakuna anayekigusa. Heinz ana dola 1,000. Dawa gharama yake ni 200. Kwahiyo huyu bwana alikuwa tayari kulipa mara tano ya gharama, papohapo, na nyingine amalizie taratibu. Siku anavunja duka hizo hela ziko wapi? Kisa hakisemi. Je, aliiacha kaunta? Alirudi nayo mfukoni? Mimi naona hapo ndo pa kuanzia, kwa sababu ukipitia nadharia moja baada ya nyingine utaona nyingi haziishii kwenye "aichukue au asiichukue", zina maoni pia kuhusu anadaiwa nini akishaichukua, na hapo ndo zinapoachana kwelikweli.

Tuanze na wale wa manufaa, yaani wanaosema tendo sahihi ni lile linaloleta mema mengi na madhara machache ukijumlisha watu wote wanaoguswa. Hawa watu wengi wanajua watasema nini, na safari hii wanajua vizuri. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza, kwenye kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu nadharia hiyohiyo, sura ya tano, karibu na mwisho kabisa, anaandika wazi kwamba ili kuokoa uhai inaweza isiwe tu ruhusa bali wajibu kuiba au kuchukua kwa nguvu chakula au dawa inayohitajika, na anaenda mbali zaidi, anasema hata kumteka daktari pekee mwenye ujuzi na kumlazimisha atibu. Kwahiyo miaka karibu mia moja kabla ya Heinz kutungwa jibu lake lilishaandikwa, na dawa imetajwa kwa jina. Mill anaongeza jambo la kijanja, kwamba watu kwenye hali hiyo huwa hatusemi haki imevunjwa kwa sababu nzuri, tunasema kile ambacho siku zote ni haki, hapa si haki. Tunaongea hivyo ili tusijikute tunasifia dhuluma.

Lakini usidhani kwa watu wa manufaa mambo yameisha hapo, maana hesabu yao inayumba ukigusa kitu kidogo tu. Cha kwanza, madaktari wanadhani inaweza kumwokoa. Wanadhani. Kama uwezekano wa kupona ni mkubwa hesabu ni nyepesi, upande mmoja uhai wa mtu, upande mwingine hasara ya dawa ya dola 200, kitasa kilichovunjwa na hasira za mfamasia. Ila kama uwezekano wenyewe ni mdogo sana, na Heinz akikamatwa mke atabaki kitandani bila mtu wa kumuuguza, ile mizani haiko wazi tena kama ulivyodhani. Mtu wa manufaa aliye makini hawezi kujibu kabla hajauliza: ni dawa ya uhakika kiasi gani, na nani atamwangalia huyu mama Heinz akiwa ndani?

Cha pili ni kizito zaidi, na ndicho kinachonifanya niwaheshimu watu wa manufaa kuliko wanaowabeza. Tuseme kwenye lile duka dozi ipo moja tu, na imeshawekewa jina la mgonjwa mwingine ambaye kesho asubuhi ndugu zake wanakuja kuichukua, naye yuko mahututi hivyohivyo. Heinz akiichukua, hajaokoa uhai, kauhamisha. Kamtoa mtu mmoja kwenye kaburi akamsogeza mwingine, juu yake kaongeza mlango uliovunjwa na hofu. Hapo watu wa manufaa wanamwambia hapana bila kusita, na wala hawaangalii kwamba huyu ni mke wake na yule hamjui, kwa sababu kwenye hesabu yao kila mtu anahesabiwa mmoja. Angalia vizuri kilichotokea: hatujabadilisha roho mbaya ya mfamasia, hatujabadilisha mapenzi ya Heinz kwa mkewe, tumebadilisha nani anapata hasara. Kisa cha Kohlberg kimepangwa hasara yote imwangukie mtu anayeonekana mchoyo, ndo maana ni rahisi kumsamehe Heinz. Kwenye dunia yenye upungufu wa dawa, anayeumia mara nyingi ni mgonjwa anayefuata kwenye foleni, na huyo hana sura kwenye kisa.

Na ile elfu moja? Kwa mtu wa manufaa swali ni moja tu, ikiachwa kaunta inaleta mema zaidi au inaleta mema zaidi ikibaki kwa ajili ya matibabu yanayoendelea. Anaweza akasema iache, kwa sababu inapunguza hasara na inawapa watu imani kwamba waliofanya hivi hawakuwa wezi wa kawaida. Anaweza akasema usiiache, mkeo atahitaji dozi ya pili. Deni kama deni, yaani kitu anachodaiwa kwa sababu tu alichukua cha mtu, halina uzito wake lenyewe hapo. Hilo linanisumbua, nitarudi.

Upande wa wajibu jina linalotajwa kila mara ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na huwa anafanyiwa ubaya mkubwa kwenye mijadala, anawekwa kama mzee mkali anayesema usiibe basi. Kipimo chake cha mwaka 1785 kinakwenda hivi: chukua kanuni unayoifuata unapotenda, halafu jiulize kama unaweza kutaka kila mtu aifuate bila mambo kujipinga yenyewe. Watu wanachukua kanuni ya "nitaiba nikihitaji kitu", wanaona kila mtu akifanya hivyo umiliki unakufa, na umiliki ukifa hata neno kuiba halina maana tena, basi Kant kakataa, kesi imefungwa.

Haijafungwa. Kanuni ya Heinz siyo hiyo. Yeye hatendi kwa kanuni ya kuchukua chochote anachohitaji, anatenda kwa kanuni ndefu zaidi: pale ambapo mtu anakufa, dawa ipo, mwenye nayo akiikosa hafi wala hafilisiki, nimeomba nimekataliwa, nimejaribu njia zote halali na hakuna muda, hapo nitaichukua. Je kila mtu akifuata hiyo, umiliki unakufa? Sioni vipi. Maduka yataendelea kufunguliwa, watu wataendelea kununua na kuuza, na matukio ya hivyo yatakuwa machache kwa sababu masharti yenyewe ni magumu kutimia yote. Sasa mpinzani wako atakuambia umeipaka kanuni rangi mpaka ipite, na kusema kweli ana hoja, hii ni shida ya zamani ya kipimo cha Kant, kwamba matokeo yanategemea umeielezea kanuni kwa upana gani. Ukiieleza kwa upana sana kila kitu kinakatazwa, ukiibana sana mpaka iseme "mtu anayeitwa Heinz usiku fulani" kila kitu kinapita. Mimi huwa natumia njia moja kujua kama kanuni imebanwa kihalali: sharti ulilolitia, toa, uone kama ungebadilisha uamuzi. Heinz angeiba kama mfamasia angekubali mkopo? Hapana. Basi sharti la kukataliwa ni la kweli, siyo pambo. Angeiba kama duka lingekuwa la rangi nyingine? Bado angeiba, kwahiyo rangi ya duka haina kazi kwenye kanuni yake.

Kuna kipimo cha pili cha Kant, cha kutomtumia mtu kama chombo tu. Hapa Heinz ana shida kidogo, maana mfamasia kasema hapana na Heinz kapita juu ya hapana yake. Lakini na mfamasia naye ana shida, mtu kakaa mbele yake, mke wake anakufa, yeye anaona mteja tu. Kwa Kant kusaidia wenye shida ni wajibu, ila ni wajibu wenye nafasi ya kuchagua, usimsaidie huyu utamsaidia yule, wakati kutokuchukua cha mtu ni wajibu usio na nafasi hiyo. Ndo maana wasomaji wengi wa Kant wanaishia upande wa hapana.

Ila kuna sehemu ambayo haitajwi kabisa kwenye hii mijadala na mimi naiona ya muhimu kuliko zote. Mwaka 1797, kwenye kitabu chake kuhusu sheria na fadhila, Kant anazungumzia ile inayoitwa haki ya dharura. Anatoa mfano wa meli iliyovunjika, mtu anamsukuma mwenzake atoke kwenye ubao unaoelea ili yeye apone. Kant anasema tendo hilo si halali hata kidogo, lakini haliwezi kuadhibiwa, kwa sababu hakuna adhabu ya sheria inayoweza kumtisha kuliko kuzama anakokuona sasa hivi. Kwahiyo ana ngazi ambayo kambi zetu mbili hazina: umekosea, na hatukuadhibu. Kwa Heinz mfano hauingii moja kwa moja, kwa sababu anayekufa siyo yeye ni mke wake, na hapa hakuna anayesukumwa afe. Lakini ule mgawanyo wenyewe unafaa, mtu anaweza akawa kamkosea mfamasia kweli na bado ikawa upuuzi kumpeleka jela.

Sasa tuje kwa wenye kuangalia haki za mali, na hapa nina jambo linaloshangaza watu. Unadhani waliotetea umiliki kwa nguvu ndo watakaomkataza Heinz. John Locke, ambaye kila anayetetea mali binafsi anamtaja, kwenye risala yake ya kwanza kuhusu serikali, fungu la 42, anasema huruma inampa mtu haki ya sehemu ya ziada ya mwenzake, kiasi cha kumtoa kwenye ufukara wa kupindukia pale anapokuwa hana njia nyingine ya kuishi. Kaiita haki, hakuiita sadaka. Yaani kwa Locke mfamasia mwenye shelfu iliyojaa siyo mmiliki wa asilimia mia wa ile dozi ya ziada, kuna kipande ambacho anayekufa ana dai juu yake.

Na kabla yake karne nne hivi, Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, kalizungumzia suala hili karibu kama vile kamsikia Heinz. Anauliza kama ni halali kuiba kwa sababu ya shida. Anajibu kwamba shida ikiwa ya wazi na ya haraka kiasi kwamba lazima itatuliwe kwa chochote kilichopo mkononi, kwa mfano mtu yuko hatarini na hakuna namna nyingine, basi anaweza kuchukua mali ya mwingine, kwa siri au kwa wazi, na huo hasa siyo wizi. Halafu kuna swali dogo la tatu analolijibu: vipi kama mwenye shida siyo wewe, ni jirani yako? Anasema shida ikiwa ya aina hiyohiyo unaweza kuchukua kwa siri ili umsaidie. Hapo mke, ndugu, jirani, wote wameingia.

Masharti yake ni makali, ndiyo yanayofanya jibu lisiwe ruhusa ya jumla. Shida iwe ya wazi, maana yake mtu mwingine mwenye akili timamu akiangalia aione, siyo wewe peke yako kwenye hofu yako. Iwe ya haraka, kama kuna wiki mbili za kutafuta pesa haijafika. Pasiwe na njia nyingine. Na tuongeze tunachojifunza kutoka kwenye ile dozi moja iliyowekewa jina, kinachochukuliwa kiwe cha ziada, asiwepo mwenye shida kama yako anayekitegemea. Wenye kujua fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, watatambua kitu kinachofanana, ile kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, pamoja na ndugu yake kwamba kinachohalalishwa na dharura kinapimwa kwa kiasi cha dharura. Heinz achukue dozi, basi. Akichukua na vitu vingine vya kwenda kuuza, tayari katoka nje.

Ila fiqhi ina kanuni nyingine ambayo kwa maoni yangu ndo ufunguo wa kisa kizima, nayo inasema dharura haibatilishi haki ya mwingine. Yaani uliyekuwa na njaa ukala chakula cha mtu hukupata dhambi, lakini gharama yake unalipa. Ruhusa ya kuchukua na deni la ulichochukua ni vitu viwili tofauti, kimoja hakifuti kingine. Na siyo wanazuoni peke yao waliofika hapo. Novemba 1905 meli ya mizigo ilikuwa imefungwa gati la mji wa Duluth, Marekani, dhoruba ikaja, manahodha wakaamua kutoondoka, na kila kamba ilipokatika wakafunga nyingine. Meli ikapona, gati likaharibika. Mwaka 1910 mahakama kuu ya Minnesota ikasema walifanya jambo la busara, hakuna aliyewalaumu kwa kubaki, lakini waliokoa meli yao kwa kutumia gati la mtu na kwahiyo walipe hasara ya dola 500. Hakuna kosa lililofanyika, na deni lipo palepale.

Sasa mrudishe Heinz hapo. Ile 1,000 mfukoni siyo hela yake tena akishachukua dawa. Kama kachukua dawa akarudi na hela zote nyumbani, mimi hiyo ruhusa ya dharura naona imepungua nguvu, kwa sababu dharura ilikuwa inahusu dawa, haikuhusu kupata dawa bure. Aache 1,000 kaunta na jina lake, na zile nyingine zibaki deni lake. Kiasi gani hasa? Hapa watu watabishana, na wanastahili kubishana. Mfamasia atasema bei ni 2,000, kwahiyo bado 1,000. Mwingine atasema bei ya mara kumi ya gharama inayotozwa kwa mtu asiyeweza kukimbilia kwingine siyo bei ya haki, kwahiyo 1,000 imeshalipa gharama, faida na kitasa. Mimi namwelewa huyu wa pili ila simfuati, kwa sababu dola 200 ni gharama ya kutengeneza ile dozi moja, haina ndani yake miaka aliyokaa anatafuta hiyo dawa na majaribio yaliyoshindikana. Yeyote anayekokotoa faida ya dawa mpya kwa kuangalia gharama ya kuzalisha kidonge kimoja anadanganya, hata kama moyo wake uko mahali pazuri. Kwahiyo adaiwe 2,000 kama ndo bei aliyotangaziwa, na alipe kidogokidogo, jambo ambalo ndilo alilokuwa anaomba tangu mwanzo.

W. D. Ross, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1930 alilipa hili umbo ambalo kwangu linafaa kuliko la Mill na la Kant. Anasema tuna wajibu wa aina kadhaa, wa kutimiza ahadi, wa kutodhuru, wa kusaidia, wa kufidia uliyemkosea, na hakuna ulio juu siku zote. Zikigongana unapima kesi ilivyo. Lakini ule uliozidiwa haufi. Unabaki, na unazaa wajibu mwingine, kufidia, kuomba radhi, kueleza. Ndo maana wale wanaosema Heinz alifanya sawa basi asijute chochote siwaelewi. Mtu anaweza akafanya jambo sahihi na bado akawa na mtu wa kwenda kumwona kesho yake asubuhi.

Wa fadhila, yaani wafuasi wa Aristotle wanaouliza mtu mwema angefanyaje, niwapitie haraka. Watu wanadhani hawa watamkumbatia Heinz kwa upendo na ushujaa wake, lakini Aristotle mwenyewe anataja wizi pamoja na uzinzi na mauaji kama mambo ambayo ubaya wake uko kwenye jina tayari, hakuna kuyafanya kwa namna nzuri au wakati mzuri. Halafu mbele kidogo anawaelezea mabaharia wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba, anasema hakuna anayetupa mali hivihivi lakini mwenye akili hapo atatupa. Kwahiyo swali lote kwao linakuwa kama kilichofanyika ni wizi kweli au ni kutupa mizigo, na tumesharudi kwa Akwino.

Nimebakiza mtu mmoja, na ni mtoto. Mwaka 1982 Carol Gilligan, aliyewahi kufanya kazi na Kohlberg, aliandika kuhusu watoto wawili wa miaka kumi na moja, aliowapa majina ya Jake na Amy, walioulizwa kisa cha Heinz. Jake kaona ni kama hesabu, uhai una thamani kuliko hela, aibe. Amy akajibu kwa kuzungukazunguka, akasema asiibe, lakini mke asife pia, labda akope, labda kuna njia. Akasema Heinz akiiba anaweza kumwokoa mke sasa hivi, lakini akifungwa, mke akiumwa tena nani ataleta dawa nyingine? Wakae waongee. Kwa vipimo vya Kohlberg jibu la Amy lilionekana la chini kuliko la Jake. Gilligan akasema hapana, huyu mtoto anajibu swali tofauti, haulizi haki ipi iko juu, anauliza hawa watu watatu wataendelea kuishi vipi na kila mmoja.

Wapo wanaosema Amy kakwepa swali, maana kisa kimeshasema njia zote zimekwisha. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mimi naona Amy kaona kitu ambacho Mill, Kant na Locke wote hawakukiona, kwamba ni dozi. Dozi ndogo. Kansa haiondoki kwa kijiko kimoja, na mwenye kujua kuitengeneza ni mtu mmoja. Ukivunja duka lake leo ukarudi nyumbani kimya, mwezi ujao ukimhitaji tena unakwenda na uso gani? Wizi wa siri unafanya kazi mara moja tu. Na upendo kwa ndugu, ambao nadharia ya kujali, hii ya kina Gilligan, inaupa uzito kuliko nadharia zote, ndo huohuo unaomlazimisha Heinz afikirie baada ya usiku ule, maana anayempenda mgonjwa anataka apone, hataki tu aonekane alipambana.

Kuhusu mahakama nisiwadanganye, haya yote hayamaanishi hakimu atamwachia. Mwaka 1971 Uingereza, kwenye kesi ya watu wasio na makazi waliovamia nyumba tupu, jaji Denning alikataa utetezi wa dharura akasema njaa ikikubaliwa kuwa kisingizio cha kuiba itafungua mlango wa vurugu za kila aina. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya Italia ikamfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji za kama euro 4, kwa sababu alikuwa na njaa na alichukua kiasi kidogo cha kukidhi haja ya papo hapo. Sheria mbili, majibu mawili, na hata ile ya Italia iliangalia yaleyale ya udogo wa kilichochukuliwa na uharaka wa shida. Dawa ya dola 2,000 siyo soseji, kwahiyo mtu anayemfanyia mgonjwa wake hivi akidhani dharura itamtoa mahakamani ajue kwamba anaweza kabisa akafungwa.

Hiyo ndo sababu, kama mnataka msimamo wangu, nasema Heinz achukue, achukue dozi moja tu ikiwa haina mgonjwa mwingine anayeisubiri, aache hela zote alizonazo na jina lake, ampe dawa mke wake kwanza, halafu kesho yake arudi kwa yule mfamasia mwenyewe akaongee naye kuhusu iliyobaki na kuhusu dozi inayofuata. Mfamasia anaweza akamsikiliza. Anaweza pia akaita polisi, na akiita atakuwa na haki ya kuita.